Mafla, kola na koti visimezane

"Shikamoo mwalimu. Nachora kitabu cha watoto kwa Inkscape. Mhusika ni babu wa Makete, kavaa koti refu la kijani, kola kaisimamisha, na mafla nyekundu shingoni, ncha mbili zinaning'inia kifuani. Nimeshachora mara nne. Kwenye kompyuta mafla inaonekana imebandikwa tu, na nikiipunguza picha, mafla, kola na koti vinakuwa donge moja. Nimenenepesha mistari, nimeunganisha vipande kwa Path > Union ili visafike, nikakata koti pale mafla inapopita, ikazuka mistari myeupe myembamba. Faili nimekutumia. Nakosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Faili nimeifungua na nimeikuza mpaka nikaona kila nukta uliyoiweka. Mkono wako hauna kasoro. Mikunjo ya kiwiko cha koti umeichora vizuri sana. Tatizo lilianza kabla hujachora mstari wa kwanza. Hukuamua mafla ya babu inapita wapi.

Weka kidole kwenye picha yako, kooni pa babu, kisha uifuate mafla kama unavyofuata njia ya kwenda shamba. Kooni mafla iko ndani ya kola, maana kola imeifunika kulia na kushoto. Ukishuka kifuani, ncha zote mbili ziko juu ya koti. Sasa nionyeshe mahali ilipotokea nje. Hapapo. Kitambaa kimezama chini ya kola kikaibukia juu ya koti bila kupita popote, na jicho la mtazamaji, hata la mtoto wa miaka 5, linakwama hapo ingawa hawezi kusema limekwama wapi. Hiyo ndiyo hali unayoiita kubandikwa. Rangi haitaiondoa, wala mstari mnene.

Kola ikiwa imesimama, mafla huweza kukaa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ndani: kitambaa kinagusa ngozi ya shingo, kola inakizunguka kwa nje. Ya pili ni nje: kola inagusa shingo, mafla inaizunguka na kuibana. Namna hizi mbili zinapindua mpangilio wote, mbele na nyuma. Mafla ikiwa ndani, ukianza na kilicho mbali zaidi na wewe utakutana na kola ya nyuma, mafla ya nyuma, shingo, mafla ya mbele, kisha kola ya mbele. Ikiwa nje, ni mafla ya nyuma, kola ya nyuma, shingo, kola ya mbele, kisha mafla ya mbele. Ni kama maganda ya kitunguu: ganda la nje ndilo la kwanza na ndilo la mwisho. Wachoraji wengi huupanga vizuri upande wa mbele, kisha wanasahau kwamba upande wa nyuma nao unageuka.

Ipo namna ya tatu, ambayo nadhani ndiyo uliyokuwa nayo kichwani: mzunguko uko ndani ya kola, lakini ncha zimetolewa nje zikalazwa juu ya koti. Inawezekana kabisa, ila kifungo cha juu lazima kiwe wazi na uchore ule mdomo wa koti ambamo ncha zinatokea, zikivuka ukingo wa pindo la kifuani, lile linalokunjwa nje chini ya kola, mbele ya macho ya msomaji. Babu wako amefunga vifungo vyote hadi juu. Njia imezibwa.

Kwa picha hii nakushauri uchague nje. Baridi ya Makete inamfanya mtu asimamishe kola, kisha aifunge kwa mafla isianguke, kwa hiyo vazi lina sababu ya kuwa hivyo. Na kwa kitabu cha watoto namna hii ina faida nyingine: mafla inaonekana nzima kuanzia kooni hadi kwenye matamvua bila kukatwa na kitu kingine.

Kabla ya kurudi kwenye kompyuta, vaa. Nasema hivi kwa kila ninayemfundisha, na kila mara huwa kuna anayeruka hatua hii, kisha anarudi na swali lile lile. Kama huna mafla, chukua kanga, ikunje kwa urefu mpaka ibaki na upana wa kiganja kilichotandazwa, vaa koti lolote lenye kola, simama mbele ya kioo. Ining'inize nyuma ya shingo, ncha mbili zije mbele. Sasa shika ncha iliyo upande wa kulia wa kioo, ivushe mbele ya koo kwenda kushoto, ipitishe nyuma ya shingo, irudi mbele upande ule ule wa kulia ilikotoka. Iache ining'inie. Hivyo ndivyo mafla ya kuzungusha mara moja inavyofungwa.

Tazama vizuri kilichotokea. Ncha ya kushoto inashuka kutoka begani ikipita chini ya kile kitambaa kilichovuka koo. Ncha ya kulia ndiyo iliyofika mwisho, kwa hiyo inapita juu yake. Ncha moja iko chini ya mzunguko, nyingine iko juu. Katika picha yako zote mbili zinachomoza kwa chini ya mzunguko, zimelingana, zimeachana kwa nafasi sawa, kama miguu ya kibao cha mbuzi. Kitambaa hakikai hivyo kikizungushwa mara moja. Na hiyo tofauti ya chini na juu ni zawadi kwa mchoraji, kwa sababu inampa msomaji viashiria viwili tofauti vya nini kiko mbele ya nini, bila wewe kuongeza kitu.

Kioo kitakuonyesha pia kwamba urefu una mwisho. Mafla ya kawaida ya sufu ina urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa sentimita 30, ikikunjwa mara mbili kwa urefu inabaki na upana wa 15. Nusu mzunguko wa nyuma ya shingo na mzunguko mzima juu ya kola ya koti vinakula kama sentimita 80. Zinabaki 100, tuseme 55 ncha moja na 45 nyingine, kwa sababu ni nadra zilingane. Kichwa cha mtu mzima kina urefu wa karibu sentimita 23. Basi ncha ndefu ni kama vichwa viwili na nusu kasoro kidogo, fupi ni vichwa viwili, na upana ni theluthi mbili za kichwa. Wewe umechora ncha za vichwa vinne na nusu kila moja, nyembamba kama utepe. Mafla hiyo ingehitaji karibu mita 3. Katika turubai yako ya 400 kwa 500, ambamo kichwa cha babu kina urefu wa 90, ncha ndefu iwe karibu 215, fupi 175, na upana kama 58. (Kanga ni fupi kuliko mafla, ina karibu mita moja na nusu tu, kwa hiyo ncha za kwenye kioo zitakuwa fupi zaidi. Chukua njia ya kitambaa kutoka kwenye kioo; urefu uchukue kwenye hesabu.)

Sasa tuje kwenye donge. Jicho linajuaje kwamba kitu kimoja kiko mbele ya kingine kwenye karatasi bapa? Kiashiria chenye nguvu kuliko vyote ni mahali mstari mmoja unapokatizwa na mwingine. Mstari wa ukingo wa koti unashuka, unafika kwenye ukingo wa mafla, unakoma. Ukingo wa mafla unaendelea zake. Makutano hayo yana umbo la herufi T. Ule mstari unaoendelea, yaani kichwa cha T, ni wa kitu kilicho mbele. Ule unaokoma, yaani mguu wa T, ni wa kitu kilichofunikwa, na akili inaukamilisha yenyewe kwa nyuma. Penye T za kutosha, hata mchoro wa mistari mitupu usio na rangi unasomeka.

T inakufa kwa njia mbili. Moja ni mistari miwili kugusana tu bila mmoja kuukata mwingine. Nyingine ni mstari wa kitu kimoja kuendelea moja kwa moja na kuwa mstari wa kitu kingine, kama barabara isiyo na kona. Hapo jicho halina la kushika, linaunganisha vitu viwili kuwa umbo moja. Kwenye picha yako nimeona sehemu tatu za namna hiyo.

Ya kwanza ni ukingo wa nje wa ncha ya kushoto. Umeushusha sambamba kabisa na ukingo wa pindo la koti, na kwa karibu urefu wa nusu kichwa mistari hiyo miwili imelaliana. Ndiyo maana ncha inaonekana kama sehemu ya pindo. Isogeze ncha ivuke pindo kwa mshazari, iingie upande mmoja itokee upande wa pili, ili upate T mbili zilizo wazi. Mimi hutaka umbali kati ya mistari miwili inayokaribiana uwe angalau mara 4 ya unene wa mstari, ama sivyo ivukane waziwazi. Katikati ya hayo mawili hakuna usalama, hasa picha ikipunguzwa.

Ya pili ni ile pembe iliyokatwa kati ya kola na pindo, ambayo mafundi cherehani huipata pale vipande viwili vinapokutana. Ukingo wa chini wa mzunguko wa mafla unapita juu ya ncha ya pembe hiyo hasa. Pembe nusu inaonekana, nusu haionekani, na msomaji hawezi kujua kama ni kola, ni pindo au ni mkunjo wa mafla. Ifunike yote, au iache yote. Ningeifunika upande wa kushoto, ambako ncha ya chini inapita, na kuiacha wazi upande wa kulia, ili kola ijulikane kuwa ni kola angalau mahali pamoja.

Ya tatu ni matamvua ya ncha moja. Yameishia juu ya mstari wa mfuko wa koti, uzi kwa uzi, hata mfuko unaonekana una nywele. Kwa vipimo vipya ncha haitafika hapo, kwa hiyo hili litajitatua lenyewe. Angalia tu isije ikaishia katikati ya kifungo. Kifungo nacho kifunikwe chote au kiachwe chote.

Nikuambie kwa nini nakomaa na vitu vidogo hivi. Miaka mingi iliyopita nilichora jalada lenye mwanamke aliyejifunga mafla juu ya koti jeusi, na ukingo wa ncha moja niliuacha ukalala juu ya ukingo wa koti lililo wazi. Kwenye karatasi kubwa niliyochorea hakuna aliyeona. Jalada lilipochapwa kwa ukubwa wa kiganja, watoto wa shule niliyoipelekea waliniuliza kwa nini yule mama ana mkono wa tatu. Walikuwa sahihi. Nakala zilikuwa zimeshatoka, na mpaka leo nikikiona kitabu hicho jicho langu huenda pale pale.

Tuje kwenye Inkscape. Path > Union ulidhani inasafisha, kumbe ndiyo inayomeza. Amri hiyo inachukua maumbo mawili na kuyafanya kuwa moja lenye mpaka mmoja wa nje. Mistari ya ndani, yaani zile T zote tulizozungumzia, inafutwa. Iache kwa kazi yake, kwa mfano kuunganisha nyuzi za tamvua moja. Usiwahi kuigusa kwa mafla na kola, wala kola na koti.

Mistari myeupe nayo ina sababu. Ulipolikata koti kwa kufuata umbo la mafla, ulipata kingo mbili zinazolingana barabara, na ungetarajia zifunge. Lakini kompyuta inalainisha kila ukingo peke yake. Chukua nukta moja ya kioo cha kompyuta iliyo juu ya mpaka, nusu yake ni koti, nusu ni mafla. Koti linachorwa kwanza na kufunika nusu ya weupe wa karatasi, inabaki nusu. Mafla inakuja na kufunika nusu ya kilichobaki na nusu ya kilichokwisha kupakwa, kwa sababu haijui koti limeshika upande gani. Robo ya weupe inabaki inachungulia. Panga nukta kama hizo mstari mzima na unaupata ule uzi mweupe. Dawa yake ni kutolikata koti. Liache liendelee zima chini ya mafla, kama koti la kweli linavyoendelea, kisha mafla ilale juu yake. Chini ya ukingo wa mafla patakuwa na kijani, na weupe hautakuwa na pa kupenyea.

Kwa hiyo kila kitu kiwe umbo lake kamili, na kazi yote ifanywe na mpangilio wa tabaka. Kwa babu wako, mafla ikiwa nje ya kola, mpangilio ni huu:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 400 500">
  <g id="mafla-nyuma"></g>
  <g id="kola-nyuma"></g>
  <g id="shingo"></g>
  <g id="koti"></g>
  <g id="kola-mbele"></g>
  <g id="kivuli"></g>
  <g id="ncha-ya-chini"></g>
  <g id="mzunguko"></g>
  <g id="ncha-ya-juu"></g>
  <g id="kichwa"></g>
</svg>
```

Katika faili ya SVG kilichoandikwa kwanza kinachorwa kwanza, hivyo kinakaa nyuma, na cha mwisho kinakaa mbele. Orodha ya tabaka ndani ya Inkscape inaonyesha kinyume: kilicho juu ya orodha ndicho kilicho mbele. Watu wengi wanachanganyikiwa hapo, wanapanga kwa usahihi kwenye faili kisha wanavuruga kwenye orodha. Ukitaka kusogeza umbo moja mbele au nyuma ndani ya tabaka lake, tumia Page Up na Page Down.

Ona kwamba mafla moja imegawanyika sehemu nne, na katikati yake kuna shingo, koti na kola. Usijaribu kuichora mafla kama umbo moja refu, kwa sababu umbo moja haliwezi kuwa mbele na nyuma ya shingo kwa wakati mmoja. Sehemu ya nyuma, ukimtazama babu usoni, karibu yote itafichwa na kola na kichwa. Kinachobaki ni uvimbe mdogo kila upande, nje kidogo ya kola. Uchore. Bila uvimbe huo mzunguko unakuwa kama bamba lililogandishwa kooni, na katika umbo la nje la babu mzunguko huo hautaonekana kabisa.

Kila sehemu iingie chini ya inayoifunika kwa kiasi cha kutosha. Ncha ya chini isiishie kwenye ukingo wa mzunguko, ipande chini yake kwa uniti 20 au 30. Ukitaka kujihakikishia, fungua View > Display Mode > Outline, rangi zote zitoweke. Ukiona mstari wa koti unapita chini ya mafla bila kukatika, na mzizi wa ncha uko ndani kabisa ya mzunguko, uko salama.

Rangi sasa. Nyekundu yako ni #C0392B na kijani ni #2E7D32. Kwa jicho ni rangi mbili zilizo mbali, ndiyo maana hukuzishuku. Lakini kinachotenganisha maumbo picha ikiwa ndogo ni mwanga na giza zaidi kuliko aina ya rangi, na rangi zako hizi zina mwangaza unaokaribia kulingana. Nimezipima kwa kanuni inayotumika kupima usomekaji wa maandishi kwenye tovuti: uwiano wao ni 1.06 kwa 1, na 1 kwa 1 maana yake hakuna tofauti hata kidogo. Piga ukurasa huo fotokopi nyeusi-nyeupe na mafla itazama ndani ya koti. Shule nyingi zitakutana na kitabu chako kikiwa fotokopi. Na mtoto ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani ataliona donge hilo hata kwenye nakala ya rangi.

Hadithi inataka mafla nyekundu, basi ibaki nyekundu. Ipandishe mwanga iwe #E2574C, koti lishushe liwe #23402B, na kola iwe kijani cha kati, #3A5F43. Kati ya mafla na koti uwiano unapanda hadi kama 3.1, kati ya mafla na kola ni karibu 2, na kola na koti karibu 1.6. Huo mteremko nimeukusudia. Mafla ndiyo inayotakiwa kuonekana kwanza, kola inatosha ijitenge kwa utulivu.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye mistari, maana ulianzia huko. Kunenepesha kila mstari kunaongeza wino bila kuongeza habari: mstari wa mkunjo ukiwa mnene sawa na mstari wa mpaka, jicho haliwezi kujua upi ni mwisho wa kitu na upi ni kasoro ya kitambaa. Mpaka wa nje wa mafla uupe unene wa 4, mikunjo ya ndani 1.5. Na mikunjo isiguse mpaka. Ianze karibu na pale kitambaa kinapobanwa, kooni na chini ya mzunguko, ififie kabla ya kufika ukingoni. Mkunjo unaogusa mpaka wa mafla mahali ambapo kwa upande wa pili mstari wa kola nao unagusa, unatengeneza msalaba, na msalaba unaunganisha vitu viwili ambavyo ulihangaika kuvitenganisha.

Kivuli kinamalizia. Nakili ncha mbili na mzunguko kwa Ctrl+D, nakala zipake kijani cheusi zaidi ya koti bila mstari wa mpaka, zisogeze uniti 6 kulia na 8 chini, kisha uziweke kwenye tabaka la kivuli, juu ya kola na chini ya sehemu zote za mbele za mafla. Hapa ndipo Path > Union inafaa, kuziunganisha nakala hizo ziwe kivuli kimoja. Kivuli kisimwagike nje ya mwili wa babu: nakili umbo la koti, liweke juu ya kivuli, chagua vyote viwili, kisha Object > Clip > Set Clip. Utapata ukanda mwembamba wa giza upande mmoja wa mafla, unaomwambia msomaji kwamba kitambaa kina unene na kimelala juu ya kitu. Usiuzungushe pande zote. Kivuli cha pande zote ni mpaka mwingine tu. Na mwanga ukitoka kushoto kwenye mafla, utoke kushoto kwenye pua ya babu pia.

Kama mchapishaji atakuambia kitabu ni cha rangi moja nyeusi, rangi na kivuli havitakusaidia sana. Hapo acha uwazi mwembamba mweupe kuzunguka mafla, mahali inapovuka mistari ya kola na koti, ili mistari hiyo ikome kidogo kabla ya kuifikia. Nakili sehemu za mafla, nakala ziweke chini yake zikiwa na mstari mweupe wa unene wa 12. Mstari umegawanyika nusu ndani nusu nje, kwa hiyo uwazi utakaoonekana, ukitoa unene wa mpaka wenyewe, ni kama uniti 4. Kwa picha ya rangi sipendi njia hii, inaifanya mafla ing'ae kama taa.

Matamvua: umechora 22 kwa kila ncha. Kwa ukubwa wa ukurasa wako yatakuwa ukungu. Chora 6 au 7 kwa kila ncha, manene, mawili yamelaliana, moja limejikunja, na uwazi kati yake uwe mpana kuliko mstari.

Kuna mawili ambayo siwezi kukutatulia kwa barua. La kwanza ni kola yenyewe. Kola yako ya mbele inaota begani badala ya shingoni, na hilo linatokana na kutojua inavyoshonwa. Nenda kwa fundi cherehani aliye karibu nawe akiwa na koti mezani, muombe akuonyeshe mshono unaoizunguka shingo, kipande kinachosimama, na mahali kinapokutana na pindo la kifuani. Chukua daftari, chora kwa pembe tatu. Dakika 20 kwake ni bora kuliko picha mia za mtandaoni, kwa sababu utaishika na kuipindua.

La pili ni uchapaji. Mashine ya kuchapa vitabu inaweka rangi nne, moja baada ya nyingine, na karatasi ikisogea hata sehemu ndogo ya milimita, mpaka wa nyekundu na kijani hufunguka au hupandana. Faili nzuri haizuii hilo peke yake. Mpiga chapa ndiye anayejua mashine yake inacheza kiasi gani na rangi ziingiliane kwa upana gani. Kabla hujakabidhi kitabu chote, mpelekee ukurasa huu mmoja, umuombe nakala ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, kisha uitazame mkiwa pamoja, kwanza mkononi, halafu ukiwa umerudi nyuma hatua tano.

Ukimaliza, nitumie ukurasa uliopigwa fotokopi nyeusi-nyeupe, babu akiwa na urefu wa sentimita 4. Ile ya rangi nitaiangalia baadaye.